Mauzo ya Ijumaa, hela ya Jumatano: Mkataba wa malipo ya simu unavyosomwa

Na Mwandishi Wetu, Geita na Shinyanga

Ijumaa jioni ni saa ya kuuza kwenye maduka ya vifaa vya mgodini pale Katoro, mkoani Geita. Wenye maduara wakishauza dhahabu yao wanashuka mjini kununua vya kurudi navyo machimboni: mipira ya maji, kamba, tindo, mabuti, mota za karasha na pampu za kunyonya maji shimoni.

Tumchukue mama mmoja mwenye duka la aina hiyo, na siku iwe Ijumaa, Julai 4, 2025. Saa kumi na moja na nusu jioni kijana anaingia.

"Shikamoo mama. Ile pampu ya inchi mbili bado ipo?"

"Marahaba baba. Ipo, laki nne na themanini."

Kijana anaingiza namba ya malipo iliyobandikwa kaunta, anaandika kiasi, anaweka namba ya siri. Simu ya dukani inalia: malipo ya Sh480,000 yamepokelewa. Pampu inafungwa nyuma ya bodaboda, kijana anaondoka.

Jumamosi asubuhi mama anapigiwa simu kutoka Kahama. Muuzaji wake wa jumla anapakia lori, anataka hela ya mzigo. Mama anaangalia akaunti yake ya benki: ile laki nne na themanini haimo. Jumapili haimo. Jumatatu na Jumanne, haimo. Inaingia Jumatano, Julai 9, tena ikiwa Sh471,504.

Hakuna aliyemwibia. Siku zote zile na shilingi zote zilizopungua zimeandikwa kwenye mkataba aliosaini siku alipoletewa kibao cha namba ya malipo. Na kwenye mkataba huo huo kuna jambo zito zaidi: hela hiyo, hata baada ya kuingia benki, inaweza kuchukuliwa tena.

Mama huyu, bei zake na viwango vyake vya makato ni mfano tuliouweka ili hesabu ionekane. Kalenda ni ya kweli, na vifungu tutakavyovipitia ni vya aina inayokutwa kwenye mikataba ya malipo ya wafanyabiashara. Mwenye duka lolote kuanzia Kahama hadi Geita anaweza kuweka namba zake mahali pa namba za mama huyu.

### Njia mbili za hela

M-Pesa iliingia Tanzania mwaka 2008, na mitandao mingine ikafuata. Leo mnunuzi anaweza kulipa kwa M-Pesa kupitia *150*00#, Mixx by Yas iliyokuwa Tigo Pesa kupitia *150*01#, Airtel Money kupitia *150*60# au HaloPesa kupitia *150*88#. Kwa mnunuzi hatua zinafanana. Kwa muuzaji, hela hupita njia mbili tofauti, na kila njia ina mkataba wake.

Njia ya kwanza ni namba ya malipo ya mtandao wenyewe. Mnunuzi akilipa, hela inaonekana papo hapo kwenye mfuko wa simu wa biashara. Ipo, unaiona, ila bado iko ndani ya mtandao. Kuitoa kwa wakala au kuipeleka benki ni muamala mwingine, wenye gharama na kikomo chake.

Njia ya pili ni ya benki au kampuni ya kati inayokusanya malipo ya mitandao yote kwa namba moja au kwa msimbo wa TANQR. Kampuni inapokea, inajumlisha, inakata chake, kisha inaingiza kinachobaki kwenye akaunti ya benki ya muuzaji. Ujumbe wa "malipo yamepokelewa" kwenye njia hii una maana kwamba kampuni imepokea. Akaunti ya muuzaji bado haijaguswa.

Mama wa Katoro yuko njia ya pili. Aliichagua kwa sababu hakutaka vibao vinne kaunta, na uamuzi huo hauna kosa. Alichokosa ni mtu wa kumkalisha chini na kumpitisha kwenye vifungu vitatu: hela inaingia lini, inaweza kurudishwa kwa nani na kwa muda gani, na nini kinakatwa njiani. Vifungu hivyo kwa kawaida hukaa kurasa tofauti, wakati kwa mwenye duka vyote ni bei moja.

> "Malipo yamepokelewa" kwenye njia ya pili ni hela iliyofika kwa kampuni. Bado haijafika kwako.

### Siku ya kazi na saa ya kufunga

Kifungu cha muda huandikwa kwa ufupi sana. Mara nyingi utakuta alama T+1. T ni siku ya muamala, na 1 ni siku moja ya kazi baada yake. T+2 ni siku mbili za kazi. Ukisomewa haraka na kijana wa mauzo utasikia "hela inaingia kesho yake", na kama muamala umefanyika Jumanne asubuhi, kweli itaingia Jumatano.

Tatizo liko kwenye maelezo ya maneno hayo, ambayo huwekwa ukurasa mwingine. Siku ya kazi huelezwa kuwa Jumatatu hadi Ijumaa, isipokuwa sikukuu za kitaifa. Benki nyingi hufungua Jumamosi hadi mchana, lakini kama mkataba umeiacha Jumamosi nje, Jumamosi haihesabiwi hata kama tawi la jirani liko wazi.

Kisha kuna saa ya kufunga hesabu. Mkataba wa mama huyu unasema saa kumi jioni. Muamala unaofanyika baada ya saa hiyo unahesabiwa kuwa umefanyika siku ya kazi inayofuata.

Sasa turudishe ile pampu kwenye kalenda. Imelipwa Ijumaa saa kumi na moja na nusu, saa moja na nusu baada ya hesabu kufungwa. Siku yake ya muamala inasogea hadi siku ya kazi inayofuata. Jumamosi si siku ya kazi, wala Jumapili. Jumatatu ilikuwa Julai 7, Saba Saba, sikukuu. Kwa hiyo siku ya muamala ni Jumanne, Julai 8. Siku moja ya kazi baada yake ni Jumatano, Julai 9. T+1 imetekelezwa kama ilivyoandikwa, na mama amesubiri siku tano.

Angeuza pampu ile ile saa tisa alasiri, siku ya muamala ingebaki Ijumaa na hela ingeingia Jumanne. Siku nzima imepotea kwa tofauti ya saa mbili na nusu.

Kwenye duka la ofisini mjini hilo lingekuwa usumbufu tu. Kwenye ukanda wa machimbo linagusa mtaji, kwa kuwa mauzo makubwa huangukia jioni na mwisho wa wiki. Tuseme mama anauza kwa simu Sh900,000 kwa siku. Jumlisha ile pampu ya Ijumaa jioni na mauzo ya Jumamosi, Jumapili na Jumatatu: Sh3,180,000. Ongeza ya Jumanne: Sh4,080,000. Hicho ndicho kiasi kilicho nje ya mikono yake Jumanne jioni, mali ikiwa imeshaondoka dukani.

Ina maana ili duka lisikauke anahitaji mtaji mwingine wa milioni nne wa kujaza rafu akisubiri. Asipokuwa nao atachukua mzigo kwa mkopo wa muuzaji wa jumla, kwa bei ya mkopo, au atakopa kwenye simu. Gharama hiyo haiandikwi popote kwenye orodha ya ada, lakini imezaliwa na kifungu cha muda.

Kwa hiyo swali la kumwuliza mtu wa mauzo si "hela inaingia baada ya siku ngapi?" Mwulize hivi: "Nikiuza Ijumaa saa kumi na moja jioni, na Jumatatu ni sikukuu, hela inaingia benki siku gani?" Ajibu kwa tarehe, na tarehe hiyo aiandike.

### Hela inayorudi ilikotoka

Kifungu cha pili ndicho kinachoumiza zaidi kikitokea, na ndicho wafanyabiashara wengi hugundua kipo siku kinapowapata. Kwenye mikataba huitwa urejeshwaji wa malipo, marejesho, au muamala uliopingwa. Maana yake ni kwamba aliyelipa amekwenda kwa mtandao wake au benki yake na kusema hela ile irudi.

Sababu zake ni tatu. Moja, alikosea namba au kiasi. Mbili, si yeye aliyelipa, simu au kadi yake ilikuwa mikononi mwa mtu mwingine. Tatu, alilipa kweli, lakini mali hakupewa au amepewa mbovu.

Kwenye mfuko wa simu, pingamizi hufaulu zaidi likiwahi. Mtandao huzuia kiasi kinachobishaniwa kikiwa bado kwenye mfuko wa aliyepokea, kisha humtafuta muuzaji. Dalili yake ni kwamba salio lote linaonekana kubwa kuliko salio linaloweza kutumika. Ukiona tofauti hiyo na hujui sababu yake, piga simu huduma kwa wateja siku hiyo hiyo. Ikiwa mnunuzi alilipa kwa kadi ya benki kupitia msimbo au mashine, muda ni mrefu zaidi: kwa mitandao mikubwa ya kadi duniani, pingamizi nyingi zinaweza kufunguliwa hadi siku 120 baada ya muamala.

Kwenye njia ya kampuni ya kati, kutoa hela mapema hakumwokoi muuzaji, kwa sababu mkataba huwa na kifungu kinachosema mtoa huduma anayo haki ya kukata kwenye malipo yajayo kiasi chochote kilichorejeshwa kwa mlipaji, pamoja na ada husika. Yaani ukishatoa ya Julai, watakata ya Agosti.

Turudi kwa mama wa Katoro. Jumatano, Julai 23, mwenye laini iliyolipia pampu anapeleka pingamizi: simu yake iliibwa siku ile, pampu haijui. Siku hiyo hiyo kampuni inamwandikia mama, na mkataba unampa siku tano za kazi kujibu. Asipojibu, ukimya wake ni kukubali.

Barua inakwenda kwenye barua pepe. Lakini siku ya usajili mama hakuwa na barua pepe, na yule kijana aliyemsajili alijaza ya kwake ili fomu ikubali. Siku tano za kazi zinaisha Jumatano, Julai 30. Mama anajua Alhamisi, Julai 31, pale mauzo yanapoingia yakiwa pungufu ya nusu milioni bila maelezo.

> Barua pepe iliyojazwa na mtu mwingine siku ya usajili inaweza kukupotezea haki ya kujitetea.

Hesabu ya hasara yake ni hii. Pampu aliinunua Kahama kwa Sh432,000, faida yake kabla ya makato ilikuwa Sh48,000. Aliingiziwa Sh471,504. Sasa amekatwa Sh480,000 nzima pamoja na ada ya kushughulikia pingamizi, Sh20,000. Makato ya awali hayarudi, kwa sababu mkataba unasema ada ikishatozwa hairejeshwi. Hapo ametoa mfukoni Sh28,496 zaidi ya alichopokea, na pampu imeshakwenda. Jumla ni Sh460,496.

Faida halisi ya kila pampu baada ya makato ni Sh39,504. Ili kufuta pingamizi moja lazima auze pampu nyingine 12.

### Ushahidi unaojibu hoja

Je, angewahi barua angeshinda? Inategemea ameshika nini mkononi, na ushahidi lazima ujibu hoja iliyoletwa.

Kama hoja ni kwamba mali haikutolewa, risiti ya EFD yenye tarehe na kiasi, pamoja na hati ya makabidhiano yenye namba ya mashine ya pampu, jina, namba ya simu na saini ya aliyechukua, vinaijibu. Kama hoja ni kukosea namba, risiti ya saa ile ile na kiasi kile kile huonyesha kwamba malipo yalikuwa na mali nyuma yake. Mtu hakosei namba kwa bahati akaangukia bei kamili ya pampu iliyotoka dukani dakika ile ile.

Hoja ya wizi ni ngumu zaidi. Risiti inathibitisha kwamba uliuza. Haithibitishi kwamba aliyesimama kaunta ndiye mwenye laini. Kwa mauzo makubwa, kinga ni kulinganisha jina linalokuja kwenye ujumbe wa malipo na kitambulisho cha anayelipa, kisha kuandika namba ya kitambulisho kwenye hati ya makabidhiano. Kwa soda na vocha hakuna atakayefanya hivyo. Kwa pampu, mota au jenereta, dakika mbili hizo zina thamani ya faida ya pampu 12.

Lipo pia jambo la kujadili kabla ya kusaini. Malipo ya mfuko wa simu hukamilika kwa namba ya siri ambayo muuzaji haioni wala haigusi. Ni haki kuomba kifungu kinachosema kwamba malipo yaliyothibitishwa kwa namba ya siri hayatarudishwa kwa gharama ya muuzaji, isipokuwa pale uzembe wake au ushiriki wake utakapothibitishwa.

Na mteja akirudisha mali kwa hiari, usimpe hela taslimu. Mrudishie kupitia muamala ule ule, kwa utaratibu wa marejesho wa mtoa huduma. Ukimpa noti mkononi kisha akapeleka pingamizi, kumbukumbu za mtandao zitaonyesha kwamba hela yake hujairudisha, na utailipa mara ya pili.

### Asilimia moja na nusu inavyokua

Sasa zile Sh8,496 zilikwenda wapi? Mama aliambiwa makato ni asilimia 1.5, na asilimia 1.5 ya Sh480,000 ni Sh7,200. Zilizobaki, Sh1,296, zimetokana na maneno machache baada ya asilimia: "bila kujumuisha VAT". Kiwango cha kawaida cha kodi ya ongezeko la thamani Tanzania Bara ni asilimia 18, na hapa kinatozwa juu ya ada, si juu ya mauzo. Kwa hiyo ada halisi ni asilimia 1.77.

> HESABU YA PAMPU MOJA
> Bei ya kuuzia: Sh480,000
> Ada, asilimia 1.5: Sh7,200
> VAT, asilimia 18 ya ada: Sh1,296
> Inayoingia benki: Sh471,504

Asilimia 1.77 inaonekana ndogo kwa sababu imepimwa kwa bei. Ipime kwa faida. Faida ya pampu ni Sh48,000, na makato ya Sh8,496 ni karibu asilimia 18 ya faida hiyo. Mikataba mingi pia humkataza muuzaji kumwongezea mnunuzi bei kwa kuwa amelipa kwa simu, kwa hiyo makato hayo hayana pa kusukumiwa. Lazima yawemo kwenye bei tangu mwanzo.

Maneno yanayofuata ni "kima cha chini". Tuseme mkataba unasema ada ni asilimia 1.5, kima cha chini Sh200 kwa muamala. Kwa pampu hilo halina madhara. Lakini muuza mchele wa rejareja Shinyanga mjini akiuza mchele wa Sh3,000, asilimia 1.5 ni Sh45 tu, na kwa sababu ya kima cha chini atakatwa Sh200, pamoja na VAT Sh36. Jumla Sh236, karibu asilimia nane ya mauzo. Kama faida yake kwenye mchele huo ilikuwa Sh300, amebakiwa na Sh64.

Mkataba ule ule, asilimia ile ile, na wafanyabiashara wawili wanalipa viwango vilivyo mbali kabisa. Ndiyo maana ushauri wa jirani kwamba "hawa wana makato madogo" hautoshi. Uliza jirani anauza nini.

Kuna maneno mengine matatu ya kuwekea kidole. "Hadi asilimia 1.5" na "kuanzia asilimia 1.5" ni ahadi tofauti: ya kwanza ina dari, ya pili ina sakafu tu. "Ada ya kuhamisha" ni makato mengine pale hela inapotoka kwa kampuni kwenda benki, na unapaswa kujua ni kwa kila muamala au kwa kila fungu la siku. Na "viwango vinaweza kubadilika wakati wowote, kuendelea kutumia huduma ni kukubali" ni kifungu kinachofuta ulichokubaliana, isipokuwa kiambatane na muda wa taarifa na haki ya kujitoa bila faini.

Makato haya yasichanganywe na tozo ya Serikali. Tozo ya miamala ya simu iliyoanza Julai 15, 2021 iliwekwa kwa sheria, na ilipopunguzwa kwa asilimia 30 Septemba mwaka huo, ilipungua kwa wote. Ada ya mfanyabiashara ni ya mkataba: inaweza kujadiliwa. Mtu wa mauzo akikwambia "hayo ni ya Serikali, siwezi kuyagusa", mwombe akuonyeshe kipi ni kodi na kipi ni cha kampuni. Kwenye hesabu ya pampu, cha Serikali ni Sh1,296. Sh7,200 ni za kampuni.

### Kila upande na hoja yake

Wafanyabiashara wanauliza swali la haki. Benki Kuu ya Tanzania ina mfumo wa TIPS unaounganisha benki na mitandao ya simu ili hela ivuke papo hapo, usiku na mchana. Kama kijana anaweza kumtumia mama yake hela kutoka mtandao hadi benki Jumapili usiku ikafika, kwa nini mauzo ya Ijumaa yafike Jumatano?

Watoa huduma wana jibu, na si la kupuuzwa. Kuhamisha hela ni hatua moja. Kabla yake lazima walinganishe rekodi zao na za kila mtandao, waondoe miamala iliyokwama, wakate ada na wakague dalili za ulaghai. Wakimlipa muuzaji papo hapo na pingamizi likaja kesho, huku muuzaji ameshafunga duka na kuhama, hasara ni yao. Kwenye miji ya machimbo, ambako watu huhama na dhahabu, hofu hiyo ina msingi.

Upo na upande wa tatu, wa mwenye simu iliyoibwa. Bila utaratibu wa marejesho asingekuwa na pa kukimbilia, na watu wangeogopa kulipa kwa simu. Muuzaji wa leo ndiye mnunuzi wa kesho kwenye duka la mwingine.

Lakini hoja ya hatari inaeleza kwa nini kusubiri kuwepo. Haielezi kwa nini Jumamosi isihesabiwe wakati mifumo haifungwi, wala kwa nini muuzaji mwenye miaka ya rekodi safi asubiri sawa na aliyesajiliwa jana. Hapo ndipo pa kujadiliana: kulipwa kila siku baada ya miezi kadhaa bila pingamizi, au sehemu ya mauzo kuingia siku hiyo hiyo na nyingine kubaki kama dhamana kwa muda uliotajwa.

### Sheria inasimama wapi

Malipo haya yako chini ya Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015, na msimamizi ni Benki Kuu. Mwaka 2019 zikaja Kanuni za Benki Kuu za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha. Zinamtaka mtoa huduma aeleze masharti na gharama kwa uwazi na awe na utaratibu wa kupokea malalamiko. Asiyeridhika na jibu anaweza kupeleka lalamiko Benki Kuu, ambayo kwa Kanda ya Ziwa ina tawi Mwanza.

Lalamiko linaanza kwa mtoa huduma, kwa maandishi, na upewe namba ya kumbukumbu. Ambatisha namba ya muamala, tarehe na saa, kiasi kilichoonekana kwenye ujumbe, kiasi kilichoingia benki, na kifungu unachodai kimevunjwa. Ili uweze kufanya hivyo unahitaji taarifa inayoonyesha kila muamala na makato yake. Fungu moja la siku linaloingia benki bila mchanganuo halikuonyeshi pampu ipi imekatwa nini. Mchanganuo huo uwe sehemu ya mkataba, na utumwe kwenye barua pepe au simu yako mwenyewe.

### Kabla ya kalamu

Mfanyabiashara unayetaka kusaini, chukua daftari lako la mauzo la wiki moja. Mwombe mtu wa mauzo akae na wewe apige hesabu tatu kwa Kiswahili, kwa bidhaa zako: muamala wako mkubwa zaidi na mdogo zaidi itakatwa shilingi ngapi kwa jumla, mauzo yako ya Ijumaa jioni yataingia tarehe ngapi, na pingamizi likija utaarifiwa kwa njia gani, una siku ngapi, na ukishindwa unalipa nini. Majibu yaandikwe, yasainiwe, yabandikwe nyuma ya mkataba. Akikataa kuandika alichokuahidi kwa mdomo, usisaini.

Nanyi watoa huduma, ukurasa mmoja wa Kiswahili wenye hesabu hizo tatu hauwagharimu chochote. Uwekeni mbele ya mkataba, kabla ya mahali pa saini, kwa sababu mfanyabiashara wa Katoro, Kahama au Shinyanga anayeijua bei kamili ya huduma yenu ataweza kupanga mtaji wake, na asiyeijua ataondoa kibao kaunta siku ya kwanza atakapokatwa.